Usomaji wa daftari la oda

Usomaji wa daftari la oda ni mbinu ya kuchagua wakati wa kununua au kuuza katika soko la fedha kwa kulinganisha mambo mawili: oda zinazosubiri katika daftari la soko, na miamala ambayo imekwisha kufanyika. Hutumiwa na wafanyabiashara wa muda mfupi sana, yaani wale wanaoingia sokoni na kutoka ndani ya sekunde au dakika chache.

Msingi wa mbinu hii ni tofauti kati ya ahadi na tendo. Oda inayosubiri ni ahadi, na mwenyewe anaweza kuifuta kabla haijatimizwa. Muamala ni tendo, kwa sababu fedha tayari zimehama. Kwa hiyo daftari peke yake halitoshi, na orodha ya miamala peke yake haitoshi. Habari hupatikana pale mambo hayo mawili yanapolingana au yanapopingana.

Makala hii inatumia mfano wa mkataba wa E-mini S&P 500, unaouzwa katika soko la CME mjini Chicago, Marekani, tangu mwaka 1997. Huu ni mkataba wa baadaye, ambao thamani yake hufuata fahirisi ya hisa za makampuni makubwa ya Marekani. Kwenye skrini hujulikana kwa alama `ES`. Bei yake hupanda na kushuka kwa hatua ya pointi 0.25, na hatua hiyo huitwa tiki. Kila tiki moja ina thamani ya dola 12.50 kwa mkataba mmoja.

## Daftari la oda

Daftari lina pande mbili. Upande mmoja ni wa wanunuzi, wanaotaja bei ya juu kabisa wanayokubali kulipa. Upande wa pili ni wa wauzaji, wanaotaja bei ya chini kabisa wanayokubali kupokea. Kwa kila bei huonyeshwa jumla ya mikataba inayosubiri. Jumla hizo, zikitazamwa ngazi kwa ngazi, ndizo zinazoitwa kina cha soko.

Jedwali lifuatalo ni mfano wa kubuni:

| Wanunuzi | Bei | Wauzaji |
|---|---|---|
| | 5,000.75 | 95 |
| | 5,000.50 | 72 |
| | 5,000.25 | 64 |
| 58 | 5,000.00 | |
| 81 | 4,999.75 | |
| 90 | 4,999.50 | |

Mtu anayetaka kununua papo hapo hulipa 5,000.25, yaani hukubali bei ya wauzaji. Asiyekuwa na haraka huweka oda yake kwenye 5,000.00 na kusubiri. Kwa mkataba huu soko hufuata foleni: miongoni mwa oda zenye bei moja, iliyotangulia kufika ndiyo inayotimizwa kwanza. Atakayejiunga sasa kwenye 5,000.00 atakuwa nyuma ya mikataba 58. Atafikiwa tu baada ya mikataba hiyo kuuziwa au kufutwa.

## Orodha ya miamala

Orodha ya miamala huonyesha kila muamala kwa mfuatano: saa, bei na idadi ya mikataba. Programu nyingi hutumia rangi kuonyesha ni nani aliyekuwa na haraka. Muamala uliofanyika kwa bei ya wauzaji mara nyingi huwa kijani, maana mnunuzi ndiye aliyeifuata bei ya mwenzake. Uliofanyika kwa bei ya wanunuzi huwa mwekundu.

Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kusema kwamba rangi ya kijani ina maana ya "wanunuzi wengi kuliko wauzaji". Kila muamala una mnunuzi na muuzaji, na idadi iliyonunuliwa ni ileile iliyouzwa. Rangi haielezi wingi wa watu, bali inaeleza upande uliokuwa na haraka.

## Kulinganisha daftari na miamala

Tuseme oda za wauzaji kwenye 5,000.25 zimepungua kutoka 64 hadi 20. Upungufu huo wa mikataba 44 unaweza kuwa na maana mbili. Ikiwa orodha inaonyesha miamala ya takriban mikataba 44 kwa bei hiyo, basi wanunuzi wamekula oda hizo. Ikiwa orodha haionyeshi kitu, wauzaji wameziondoa wenyewe. Katika hali zote mbili daftari linafanana, lakini kisa ni tofauti: kwanza kuna mtu aliyelipa fedha, pili kuna watu waliobadili nia.

Jambo la pili linalotafutwa ni bei inayopigwa mara nyingi bila kuvunjika. Hilo hutokea pale mtu mwenye oda kubwa asipotaka wengine waione yote. Soko humruhusu kuonyesha sehemu ndogo tu, na kila sehemu ikiisha nyingine hujitokeza. Oda ya namna hiyo hulinganishwa na siwa barafu, kwa kuwa sehemu kubwa yake haionekani. Daftari haliwezi kuifichua, lakini miamala huweza.

## Mfano wa kuingia sokoni

Bei imeshuka hadi 5,000.00, ambako daftari linaonyesha wanunuzi wa mikataba 58. Ndani ya sekunde 20, orodha inaonyesha miamala myekundu minane kwa bei hiyohiyo: 12, 30, 25, 41, 18, 50, 36 na 28. Jumla yake ni mikataba 240. Hata hivyo bei haijashuka, na daftari bado linaonyesha mikataba ipatayo 50 kwenye 5,000.00. Iliyouzwa ni zaidi ya mara nne ya ile iliyoonekana mwanzoni, kwa hiyo kuna mnunuzi mmoja au zaidi anayejaza tena kila panapopungua.

Mfanyabiashara mwangalifu hanunui bado. Mnunuzi huyo anaweza kuishiwa, na bei ikavunjika mara moja. Anachosubiri ni dalili kwamba wauzaji wamechoka. Miamala myekundu inapungua kasi na ukubwa: 3, 1, 2. Kisha miamala ya kijani inaanza kwenye 5,000.25, na oda 64 za wauzaji zinapungua kwa kiasi kilekile kinachoonekana katika miamala. Zikibaki 20, ananunua mkataba mmoja kwa 5,000.25.

Anapanga kuuza kwa 5,000.75, yaani faida ya tiki mbili au dola 25. Sababu yake ya kununua ilikuwa mnunuzi wa 5,000.00. Mnunuzi huyo akitoweka, sababu nayo imetoweka, na mfanyabiashara anatoka kwa 4,999.75 akiwa na hasara ya tiki mbili, dola 25. Hangojei bei irudi.

Hata akiwa amesoma vizuri, foleni inaweza kumnyima faida. Kwenye 5,000.75 tayari walikuwapo wauzaji wa mikataba 95. Bei inaweza kuigusa ngazi hiyo, mikataba 40 ikanunuliwa, kisha bei ikageuka bila yeye kufikiwa. Upande wa hasara hauna foleni ya namna hiyo, kwa kuwa anayekimbia hukubali bei yoyote iliyopo. Soko likiwa na kasi, bei hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko 4,999.75.

## Gharama

Tuseme ada za dalali na soko kwa kuingia na kutoka ni dola 4. Faida ya dola 25 inabaki 21, na hasara ya dola 25 inakuwa 29. Bila ada, angehitaji kushinda mara 50 kati ya 100 ili asipoteze. Akiwa na ada anahitaji mara 58, kwa maana 29 ikigawanywa kwa 50 ni 0.58. Tofauti hiyo ya mara nane haitokani na kusoma vibaya, bali na udogo wa faida inayolengwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukisia mwelekeo sawasawa mara nyingi zaidi ya nusu na bado akamaliza fedha zake.

## Oda za udanganyifu

Kwa kuwa oda inaweza kufutwa, mtu anaweza kuweka oda kubwa asiyokusudia kuitimiza, ili wengine wadhani kuna wauzaji au wanunuzi wengi. Nchini Marekani tendo hilo lilikatazwa waziwazi na sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010. Navinder Sarao, mfanyabiashara wa Uingereza, alikiri mwaka 2016 mbele ya mahakama ya Marekani kwamba aliweka oda za aina hiyo katika soko la E-mini. Mwaka 2020 alihukumiwa kifungo cha nyumbani cha mwaka mmoja.

Dalili ya oda ya udanganyifu ni kuikimbia bei. Oda kubwa ya wanunuzi hukaa ngazi chache chini ya bei. Bei ikiikaribia, hushuka ngazi nyingine au hutoweka, na orodha haionyeshi muamala wowote mahali pake. Siwa barafu ni kinyume chake: huonekana ndogo lakini hutimizwa. Hata hivyo si kila oda iliyofutwa ni udanganyifu, kwani wafanyabiashara halali pia hubadilisha oda zao mara kwa mara kadiri bei inavyosogea.

## Mipaka ya mbinu

Tarehe 6 Mei 2010 soko la E-mini liliporomoka kwa dakika chache. Ripoti ya wasimamizi wa masoko ya Marekani ilionyesha kwamba kina cha upande wa wanunuzi kilishuka chini ya asilimia 1 ya kile cha asubuhi. Katika sekunde 14 kabla soko halijasimamishwa kwa sekunde tano, kompyuta za kasi ziliuziana zaidi ya mikataba 27,000, lakini kwa jumla ziliongeza ununuzi wa takriban mikataba 200 tu. Mtu aliyetazama orodha ya miamala angeona shughuli nyingi mno, ilhali mikataba ileile ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Wingi wa miamala, basi, si uthibitisho kwamba kuna mnunuzi wa kweli.

Kompyuta hizo husoma daftari hilohilo na kujibu kwa muda usiofikia sekunde moja. Aliye mbali na Chicago huona picha iliyokwisha kupitwa, kwa hiyo mambo yanayodumu sekunde kadhaa, kama bei inayokataa kuvunjika, humfaa zaidi kuliko mabadiliko ya ghafla.

Mbinu hii pia huhitaji oda nyingi. Hufaa zaidi wakati wa kufunguliwa kwa masoko ya hisa ya New York, ambao kwa Afrika Mashariki ni saa 10:30 jioni au saa 11:30 jioni, kulingana na majira ya Marekani. Masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi nayo yana madaftari ya oda, lakini miamala ya hisa nyingi ni michache, na ada hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya muamala. Huko daftari humsaidia mnunuzi kujua bei atakayolipa, lakini si la kutafutia faida ya sekunde chache.