Benki Moja, Wanunuzi Watatu

Ukipekua habari za biashara za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 2019 na 2024, utakutana na benki moja ya Dar es Salaam iliyopatiwa wanunuzi watatu. Aprili 2019 ilitajwa kuwa inakwenda kwa Equity ya Kenya. Novemba 2020 ikatajwa kuwa inakwenda kwa KCB, hasimu mkubwa wa Equity hapo Nairobi. Mwishowe ikachukuliwa na Access ya Nigeria. Hadi alipofika huyo wa tatu, mwenye benki alikuwa yule yule.

Benki yenyewe ni African Banking Corporation Tanzania, ambayo wateja wake waliizoea kwa jina la BancABC. Ilikuwa tawi dogo la mti mkubwa. Juu yake palikuwa na ABC Holdings ya Botswana, na juu ya ABC Holdings palikuwa na Atlas Mara, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2013 na Bob Diamond, aliyewahi kuwa mkuu wa Barclays, pamoja na mfanyabiashara Ashish Thakkar. Atlas Mara iliuza hisa zake kwenye Soko la Hisa la London kwa ahadi ya kujenga kundi la mabenki kusini mwa Sahara. Miaka sita baadaye ahadi hiyo ilikuwa imepwaya, bei ya hisa ilikuwa imeporomoka, na wakubwa wake walikuwa wakitafuta pa kuzitua benki kadhaa.

Njia niliyoifuata ni ya kurudi nyuma. Nilianza na taarifa za kampuni zenyewe, kisha nikaziweka kando ya habari zilizochapishwa, kisha nikatafuta kumbukumbu za watu ambao hawakuwa na cha kupata wala kupoteza katika mauzo hayo.

Taarifa ya kwanza ni ya tarehe 30 Aprili 2019. Equity ilieleza kwamba imekubaliana na Atlas Mara juu ya masharti ya awali: Atlas Mara ingetoa benki zake za Rwanda, Tanzania, Zambia na Msumbiji, na kwa upande wake ingepewa hisa mpya 252,482,300 za Equity. Hizo, ilisema taarifa, zingekuwa asilimia 6.27 ya hisa zote za Equity baada ya kuongezwa. Hapa pana mahali pazuri pa kujaribu kalamu. Wakati huo Equity ilikuwa na hisa 3,773,674,802. Ukigawanya hisa mpya kwa idadi hiyo ya zamani unapata asilimia 6.69. Ukizijumlisha kwanza ndipo ugawanye, unapata 6.27. Takwimu zote mbili ni za kweli, ila kampuni ilichagua kutangaza iliyo ndogo, na hiyo ndiyo utakayoikuta katika habari moja baada ya nyingine. Mwandishi aliyekaa na kikokotoo kwa dakika mbili angeweza kumwambia mwenye hisa zake chache kwamba kwa kila hisa mia zilizopo zinatengenezwa karibu saba nyingine.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba taarifa ile haikusema benki zimenunuliwa. Ilisema kutakuwa na ukaguzi wa vitabu, kisha mkataba kamili, kisha idhini za wadhibiti wa kila nchi. Kila sharti la aina hiyo ni mlango ambao pande zote mbili zinaweza kutokea. Kwa kawaida masharti hayo hukaa mwishoni mwa taarifa, baada ya maneno ya mkurugenzi mkuu kuhusu dira na fursa, nayo habari ya gazeti hukatwa kuanzia mwishoni.

Siku hiyo hiyo Atlas Mara nayo ilitangaza London. Anayetafuta uthibitisho anaweza kufurahi kwamba amepata vyanzo viwili, mnunuzi na muuzaji, na vinakubaliana. Lakini vinakubaliana kwa sababu wahusika wameketi meza moja wakakubaliana watakachosema. Muuzaji mwenye hisa zilizoporomoka ana haja ya kuonyesha kwamba kuna anayezitaka mali zake, na mnunuzi ana haja ya kuonyesha wenye hisa kwamba anakua. Mimi huzihesabu taarifa mbili za namna hiyo kuwa chanzo kimoja. Gazeti linalozinukuu haliongezi cha pili, wala magazeti ishirini hayaongezi.

Jinsi ya kujua gazeti limefanya kazi yake au limenakili ni rahisi, ingawa inachosha. Chapisha taarifa ya kampuni, chapisha na habari ya gazeti, chukua kalamu ya wino mwekundu. Futa katika habari kila sentensi yenye mwenzake katika taarifa: takwimu, nukuu ya mkurugenzi, ile aya ya mwisho inayoeleza kampuni ina matawi mangapi. Kisha soma kilichobaki. Mara nyingi hubaki tarehe na jina la mwandishi. Kikibaki kitu, kichunguze: je, kuna mtu wa nje aliyepigiwa simu na kutajwa kwa cheo? Kuna hesabu ya benki inayonunuliwa, imepata faida au hasara? Kuna swali lililoulizwa na kampuni ikakataa kulijibu? Hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote, kwa sababu taarifa ya kampuni haiwezi kuwa na swali ambalo kampuni imelikwepa.

Juni 2020, mwaka mmoja na ushei baadaye, mazungumzo ya Equity na Atlas Mara yalivunjwa. Mwanzo wa habari ulikuwa mpana, mwisho wake ukawa mwembamba, na ndiyo maana anayepekua leo hukutana na tangazo la ununuzi kabla hajaiona taarifa ya kuvunjika. Na usije ukadhani maneno ya taarifa ya mwanzo yangekuonyesha mapema. Mwaka huo huo wa 2019 Equity ilitangaza pia kwamba itachukua asilimia 66.53 ya benki ya BCDC ya Kongo kutoka kwa familia ya Forrest, kwa dola milioni 105. Lugha ilikuwa ya kifua mbele vile vile. Ununuzi huo ulikamilika Agosti 2020, lakini kwa dola milioni 95. Aliyenakili bei ya tangazo la kwanza na kuiita bei ya ununuzi alikosea kwa dola milioni kumi.

KCB ndiyo iliyonipa somo zuri zaidi, maana taarifa yake ya Novemba 2020 ilikuwa na benki mbili ndani yake. Ilisema inanunua kwa Atlas Mara asilimia 62.06 ya Banque Populaire du Rwanda na asilimia 96.6 ya BancABC Tanzania. Karatasi moja, siku moja, muuzaji mmoja. Anayesoma taarifa peke yake hana njia ya kuzitofautisha, lakini njia zao ziliachana.

Ya Rwanda ilifika. Agosti 2021 KCB ilitangaza kwamba imekamilisha, na safari hii hukulazimika kuiamini kwa neno lake. Kenya na Rwanda ni wanachama wa COMESA, ambayo ina tume yake ya ushindani inayotangaza hadharani maombi ya kuungana kwa kampuni na maamuzi yake. Benki Kuu ya Rwanda nayo ilikuwa na neno lake la kusema. Kisha zikaja hesabu za KCB za mwaka 2021, zilizokaguliwa na wakaguzi wa nje, na humo benki ya Rwanda imo katika orodha ya kampuni tanzu, pamoja na fungu la faida na mtaji ambalo si la KCB bali la wanahisa wachache waliobaki.

Hapo ndipo pa kutazama, kwa sababu jina mlangoni hudanganya. Baada ya Agosti 2021 Kigali ilikuwa bado na benki mbili, KCB Rwanda na Banque Populaire, kila moja na leseni yake, mpaka zilipounganishwa mwaka 2022 kuwa BPR Bank Rwanda. Mtu aliyepita barabarani na kuona mabango mawili angeweza kuapa kwamba hakuna kilichonunuliwa. Umiliki ulikuwa umeshahama miezi kadhaa kabla ya bango.

Ya Tanzania haikufika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo idhini za Kigali na za Lilongwe zilipo ofisi za tume haziisaidii kitu. Njia yake ni Benki Kuu ya Tanzania na Tume ya Ushindani, ile FCC. Katika orodha ya kampuni tanzu za KCB ya 2021 kuna KCB Bank Tanzania, ile ya siku zote, na BancABC haimo. Benki zetu hulazimika kuchapisha hesabu zao gazetini kila robo mwaka, nazo hizo ni karatasi za kuchosha ambazo wasomaji huzifungia vitumbua, lakini kwa kazi hii zina thamani kuliko ukurasa wa mbele. Ofisa mawasiliano hana nafasi ya kupamba jedwali lenye amana, mikopo na mtaji. Upande wa muuzaji nao ulikuwa na ushahidi wake tangu wakati wa Equity: katika hesabu zake za 2019 Atlas Mara iliziweka benki zile nne katika fungu la mali zinazoshikiliwa kwa ajili ya kuuzwa. Mali inayosubiri kuuzwa ni mali ambayo bado ni yako. Mkataba wa KCB juu ya BancABC uliisha bila kukamilika.

Mwisho wa yote, kati ya benki nne ambazo mwaka 2019 zilitajwa kuwa zinakwenda Equity, hakuna hata moja iliyokwenda. Ya Rwanda ilichukuliwa na KCB. Za Msumbiji, Zambia na Tanzania zilichukuliwa na Access, kila moja kwa wakati wake. Ya Tanzania ilikamilika mwaka 2024 na ikaanza kuitwa Access Bank Tanzania.

Anayetaka kuihakiki hatua hii ya mwisho ajihadhari na jambo moja. Akiandika jina hilo katika hifadhi ya magazeti ya zamani, atapata habari za AccessBank Tanzania iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2007, na anaweza kuamini kwamba Wanigeria walikuwapo hapa miaka yote hiyo. Ile ilikuwa benki ya mikopo midogo ya kundi la AccessHolding la Berlin, lisilo na undugu na Access ya Lagos, na baadaye ikawa Selcom Microfinance Bank. Majina yanafanana ila wenye hisa ni mbalimbali, na katika daftari la BRELA ni kampuni mbili zenye namba mbili za usajili.