Bei ya hisa na faida: unalipia duka lililopo au duka lijalo?

Tunapotangaza bei za hisa, mara nyingi mchambuzi husema hisa fulani "inauzwa mara saba ya faida yake" na nyingine "mara ishirini na tatu". Msikilizaji anabaki na swali la haki kabisa: mtu mwenye akili timamu analipaje mara ishirini na tatu, wakati nyingine ipo kwa mara saba? Ili kulijibu, tutaikata namba hiyo vipande viwili. Kimoja ni thamani ya biashara kama itabaki ilivyo leo, bila kukua. Cha pili ni thamani ya leo ya ukuaji unaotarajiwa kesho.

Kwanza tuielewe namba yenyewe. Ukichukua bei ya hisa moja na kuigawa kwa faida ambayo hisa hiyo imeingiza kwa mwaka, unapata uwiano wa bei na faida. Hisa ya shilingi 700 yenye faida ya shilingi 100 ina uwiano wa 7. Faida tunayoizungumzia ni ile ya kampuni baada ya kodi, iliyogawanywa kwa idadi ya hisa zote. Si gawio. Gawio ni sehemu tu ya faida hiyo, ile inayofika mkononi mwako.

Sasa tuliache soko la hisa kidogo, twende dukani. Hili ni duka la kubuni, tuseme lipo Masuguru njia panda. Linaingiza faida ya shilingi milioni 1.2 kwa mwaka, baada ya kumlipa muuzaji. (Hapo wengi hudanganyana: mwenye duka anakaa dukani mwaka mzima bila kujihesabia mshahara, kisha anauita wote faida.) Wewe unataka kulinunua. Umejiwekea kwamba fedha yako ni lazima ikurudishie angalau asilimia 20 kwa mwaka, kwa sababu duka lina hatari zake na fedha hiyo ungeweza kuipeleka kwingine.

Kama duka litaendelea kuingiza milioni 1.2 kila mwaka, bila kuongezeka wala kupungua, usilipe zaidi ya milioni 6. Hesabu ni kugawa faida kwa kiwango unachotaka: milioni 1.2 gawa kwa 0.20. Asilimia 20 ya milioni 6 ni milioni 1.2, kwa hiyo umepata ulichotaka, basi. Hiyo ndiyo thamani bila ukuaji. Kwa lugha ya uwiano ni mara 5 ya faida, na njia ya mkato ni kugawa 100 kwa kiwango chako: 100 gawa kwa 20.

Lakini mwenye duka anataka milioni 9. Hiyo ni mara 7.5 ya faida. Mara 5 tumeshajua ni za nini. Mara 2.5 zilizobaki, yaani milioni 3, anazidai kwa ajili ya kitu ambacho hakipo bado: nyuma ya duka kuna kiwanja, na hapo anaamini itasimama mashine ya kusaga mahindi. Hiyo milioni 3 ndiyo bei ya fursa ya ukuaji.

Je, ni halali kuilipa? Hapa ndipo penye utamu wa somo lote. Tuseme mashine na banda lake vinagharimu milioni 4. Ikileta faida ya milioni 1.4 kila mwaka, kwa kiwango chako cha asilimia 20 mashine hiyo ina thamani ya milioni 7. Toa gharama ya milioni 4, inabaki milioni 3. Mwenye duka hakukudanganya.

Ikileta laki 8 kwa mwaka, thamani yake ni milioni 4, sawasawa na gharama. Duka limekua, faida imepanda kutoka milioni 1.2 hadi milioni 2, kila mpita njia anaona maendeleo, lakini fursa yenyewe ina thamani ya sifuri kwako. Na ikileta laki 5 tu, thamani ni milioni 2.5 kwa kitu kilichogharimu milioni 4. Umejipunguzia milioni 1.5 kwa kukua. Kwa hiyo kukua peke yake hakuna bei. Bei inatoka kwenye kukua kunakorudisha zaidi ya kile kiwango ulichodai tangu mwanzo.

Kuna jambo la pili, ndiyo maana tunasema thamani ya leo. Tuseme mashine haiwezi kusimama sasa, mpaka umeme ufike, miaka mitatu ijayo. Ile milioni 3 ya miaka mitatu ijayo si milioni 3 leo. Kwa kiwango cha asilimia 20 unaigawa kwa 1.2 mara tatu: inakuwa milioni 2.5, kisha kama 2.1, kisha kama 1.7. Kuchelewa kwa miaka mitatu kumekula karibu nusu ya fursa kabla hata mashine haijanunuliwa.

Safaricom, mara mbili

Tuvuke mpaka twende Kenya, kwa sababu huko kuna kampuni ambayo hisa zake zinaonyesha vipande hivi viwili vizuri kuliko nyingine tunazozifahamu. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza robo ya hisa za Safaricom kwa wananchi na wawekezaji wengine, hisa bilioni 10 kati ya bilioni 40, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Mwaka ulioishia Machi 2008 kampuni ilipata faida ya shilingi bilioni 13.85, yaani karibu senti 35 kwa hisa. Uwiano ulikuwa zaidi kidogo ya 14.

Tutumie kiwango cha asilimia 15. Thamani bila ukuaji ni senti 35 gawa kwa 0.15, sawa na shilingi 2.33. Kwa hiyo katika kila shilingi 5, shilingi 2.67 zililipwa kwa ajili ya kesho. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka mmoja tu nyuma, Machi 2007. Hisa ziliombwa kuliko zilizokuwepo, foleni zikawa ndefu. Kisha faida ya mwaka uliofuata ikashuka hadi bilioni 10.5, dunia ikaingia kwenye msukosuko wa fedha, na mwanzoni mwa 2009 hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Waliouza wakati huo waliona kama fursa ya ukuaji ilikuwa hadithi. Waliongoja waliiona ikitimia, ila ilichukua miaka.

Turuke hadi Agosti 2021. Hisa ile ile sasa inauzwa zaidi ya shilingi 40. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2021 ilikuwa karibu bilioni 68.7, sawa na shilingi 1.71 kwa hisa. Tukichukua bei ya 40, uwiano ni zaidi ya 23. Kwa asilimia 15, biashara iliyopo ina thamani ya shilingi 11.40. Zilizobaki, shilingi 28.60, ni ukuaji. Yaani katika kila shilingi 10 alizotoa mnunuzi, zaidi ya 7 zilikuwa za mashine ya kusaga ambayo haijasimama. Mashine yenyewe ilikuwa na jina: Mei 2021, kundi linaloongozwa na Safaricom lilishinda leseni ya simu nchini Ethiopia kwa dola milioni 850. Watu zaidi ya milioni 100, na kampuni moja tu ya simu ya serikali. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu walisisimka.

Huduma Ethiopia ilizinduliwa Oktoba 2022. Minara hujengwa kwanza, wateja huja baadaye, na kwa miaka hiyo ya mwanzo Ethiopia ilikuwa inakula fedha. Wakati huo huo riba zilipanda duniani na Kenya. Februari 2024 Serikali ya Kenya ilikuwa inakopa kwa hati fungani ya miundombinu kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Mtu anayeweza kupata 18 kutoka serikalini hawezi tena kuridhika na 15 kwenye hisa. Na umeshaona dukani: kiwango unachodai kikipanda, thamani ya leo ya kila kitu inashuka, hasa ya kile kilicho mbali.

Mwishoni mwa 2023 hisa ilikuwa chini ya shilingi 15. Tuchukue 14. Faida ya wenye hisa wa Safaricom kwa mwaka ulioishia Machi 2023 ilikuwa kama bilioni 62, sawa na shilingi 1.55 kwa hisa. Kwa asilimia 15 ile ile, thamani bila ukuaji ni shilingi 10.30, na ukuaji umebaki shilingi 3.70.

Linganisha. Faida ilishuka chini ya moja ya kumi. Thamani ya biashara iliyopo ilishuka kwa shilingi moja hivi. Kipande cha ukuaji ndicho kilichoshuka kutoka 28.60 hadi 3.70. Duka halikuungua. Kilichopotea ni imani ya soko juu ya mashine, pamoja na fedha za wale walioinunua imani hiyo kwa bei ya juu.

Utauliza, je, asilimia 15 tumeitoa wapi? Tumeichagua sisi, na hapo ndipo udhaifu wa kipimo hiki ulipo. Ukitumia 12 kwa mwaka 2021, biashara iliyopo inakuwa shilingi 14.25 na ukuaji 25.75. Vipande vinasogea, lakini habari ni ile ile: sehemu kubwa ya bei ilikuwa ya kesho. Ushauri wetu ni kupiga hesabu kwa viwango viwili au vitatu. Jibu likigeuka kabisa kila unapobadilisha kiwango, hujapata jibu.

Angalia pia kama faida uliyoishika ni ya mwaka wa kawaida. Kampuni ikiuza jengo au minara, faida ya mwaka huo huvimba na uwiano huonekana mdogo, kama vile hisa ni ya bei poa. Na kampuni ikipata hasara, hesabu hii haifanyi kazi kabisa. Vodacom Tanzania, iliyouza hisa zake kwa shilingi 850 mwaka 2017, ilitangaza hasara kwa mwaka ulioishia Machi 2021, baada ya laini nyingi kufungwa kwenye usajili wa alama za vidole. Mwaka huo hakukuwa na faida ya kugawia bei. Hapo unarudi kwenye faida za miaka kadhaa iliyopita, uitafute ile ya kawaida, ndipo uanze upya kukata vipande.