Muuguzi Alianza Lini Kuandikishwa?

Leo tuangalie kazi ya uuguzi ilitoka wapi hadi ikafika kwenye leseni.

Zamani, mgonjwa aliuguzwa na mama, shangazi au nyanya yake. Waliokwenda kulazwa hospitalini huko Ulaya walikuwa hasa maskini, na aliyewahudumia hakuhitaji kusomea kazi hiyo.

Mnamo Novemba 1854, wakati wa Vita vya Krimea, Mwingereza Florence Nightingale alifika hospitali ya wanajeshi ya Skutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, akiwa na wauguzi 38. Walifua, walipika na kuosha wagonjwa, lakini vifo viliendelea kupanda. Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100 walikufa karibu 42, wengi kwa kuhara na homa wala si kwa majeraha. Chini ya jengo mitaro ya maji machafu ilikuwa imeziba. Machi wakaja wataalamu wa usafi, wakazibua mitaro na kuingiza hewa safi wodini. Kufikia Juni walikufa wawili hivi kwa kila 100. Baada ya vita Nightingale alikaa na hesabu hizo, akaona kwamba huruma peke yake haitoshi. Muuguzi lazima afundishwe.

Kwa hiyo mwaka 1860 alifungua chuo katika hospitali ya Mtakatifu Tomaso, London. Wanafunzi walikaa mwaka mmoja wodini, na kila mwezi mwenendo na kazi ya kila mmoja viliandikwa.

Hapo likazuka swali jingine: mwenye mgonjwa atamjuaje aliyefundishwa? Mtu yeyote angeweza kuvaa kofia nyeupe na kujiita nesi. Mwaka 1887 muuguzi Ethel Fenwick alianza kudai wauguzi wafanye mtihani na majina yao yaandikwe katika daftari la taifa. Nightingale mwenyewe alipinga. Alisema mtihani hupima akili, haupimi tabia. Nyuzilandi ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 1901. Uingereza ilifuata mwaka 1919, na jina la kwanza katika daftari lake likawa la Fenwick.

Hapa Kenya, Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983 ililipa Baraza la Wauguzi kazi ya kusimamia mafunzo, kuandikisha wauguzi na kuwachukulia hatua wanaokosea.

Basi mama, mtu akifungua chumba mtaani na kuanza kudunga watoto sindano, muulize leseni yake. Hilo si utovu wa adabu. Lakini mkumbuke pia Nightingale: leseni yathibitisha kwamba alisoma. Kama ananawa mikono kabla ya kumshika mtoto wako, hilo utaliona kwa macho yako mwenyewe.