Hasira isiyo na moto: miaka 60 ya ubishi juu ya uti wa mgongo

Mwaka 2026 unatimiza miaka 60 tangu George Hohmann, mwanasaikolojia Mmarekani aliyepooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo, achapishe utafiti ambao wataalamu wanaugombania hadi leo.

Ugomvi wenyewe ulianza 1884. William James alidai kwamba mwili hutangulia: moyo hudunda, tumbo hukaza, na tunapoyahisi mabadiliko hayo, ndipo tunapoogopa. Carl Lange wa Denmark alitoa hoja inayofanana na hiyo mwaka uliofuata. Mwaka 1927 Walter Cannon wa Harvard aliipinga. Moyo huenda mbio kwa hofu, kwa hasira, hata kwa homa, alisema, basi utazitofautishaje? Kwake hisia huzaliwa ndani ya ubongo. Alimtaja mgonjwa wa daktari Charles Dana, mwanamke aliyevunjika shingo alipoanguka kutoka kwenye farasi. Alipooza kuanzia shingoni, lakini kwa karibu mwaka mmoja aliobaki hai aliendelea kuonyesha furaha, huzuni na upendo.

Hohmann hakuridhika na mgonjwa mmoja. Aliwahoji wanaume 25 waliokatika uti wa mgongo, akawataka walinganishe hisia zao za kabla na za baada ya ajali. Aliwapanga kwa mahali jeraha lilipo, kwani likiwa shingoni, ubongo hupokea habari chache zaidi kutoka mwilini. Hofu na hasira zilikuwa zimepungua, na zilipungua zaidi kadiri jeraha lilivyokuwa juu. Baadhi walieleza kwamba bado hufoka na kutukana wanapodhulumiwa, wasije wakaonewa, ila ule moto wa ndani haupo. Hasira imebaki kichwani tu. Lakini kulengwa na machozi, kama wakati wa kuagana, kuliongezeka. James alionekana kushinda.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1988 Kathleen Chwalisz na wenzake waliwalinganisha waliokatika uti wa mgongo na watu wengine wanaotumia kiti cha magurudumu bila kupoteza hisi za mwili. Hawakuona upungufu mkubwa, na baadhi ya waliopooza walisema wanaogopa zaidi kuliko zamani. Mwaka 1991 watafiti wa Uholanzi walipata matokeo ya namna hiyo.

Kwa nini tofauti? Wagonjwa wa Hohmann walikumbuka hisia za miaka mingi nyuma, walipokuwa vijana na maisha yao yalikuwa mengine. Tena uti ukikatika mwili haunyamazi wote: uso bado hukunja ndita, na neva ya vagasi, inayopita nje ya uti, bado hupeleka habari za moyo na tumbo kwenye ubongo.

Kwa hiyo wagonjwa hawa hawamthibitishi James wala hawamwangushi. Wanaonyesha kwamba hisia huweza kuishi bila sehemu kubwa ya habari za mwili, japo kwa baadhi yao ladha yake hubadilika. Kitabu cha kiada kinachomtaja Hohmann peke yake kinamnyima mwanafunzi nusu ya ushahidi, na kinawanyamazisha wagonjwa waliosema kinyume.