Ngao ya Mpangaji: Historia ya Ahadi ya Kupunguza Kodi

Ahadi ni deni. Methali hii tunaimeza tungali wadogo, na wengi wetu hatuihoji kamwe. Lakini kijana anayeingia kusomea sheria katika vyuo vyetu hukutana na jambo linalokaribia kuwa kinyume chake. Huambiwa kwamba katika sheria ya mikataba tuliyorithi kutoka Uingereza, ahadi si deni mpaka aliyeahidiwa naye atoe kitu cha badala. Nikikuahidi ng'ombe bure, kisha nikageuka, huwezi kunishtaki. Utaninung'unikia tu.

Mimi ni mtu wa lugha, si wakili. Hata hivyo, wanafunzi wa sheria huniletea maneno yao niwasaidie kuyatafutia Kiswahili, na hivi majuzi mmoja wao aliniletea swali la mtihani lenye majibu manne ya kuchagua. Landilodi amekubali kupokea kodi pungufu, halafu anabadilisha nia. Je, mpangaji ana haki gani? Jibu moja lilikuwa na maneno yaliyonivutia: kwamba mpangaji ana ngao lakini hana upanga. Nilitaka kujua nani aliyesema hivyo kwanza, na kwa nini. Makala haya ni matokeo ya udadisi huo.

Kanuni yenyewe nitaiita kizuizi cha ahadi. Nimechagua neno kizuizi kwa makusudi, kwa sababu mahakama hapa haimlazimishi aliyeahidi atoe kitu. Inamzuia tu asiikane ahadi yake na kudai haki aliyokwisha kusema hataidai.

Hebu tuanzie kwa Bi Julia Beer. Alikuwa akimdai Daktari John Foakes zaidi ya pauni 2,090, deni ambalo mahakama ilikuwa imeshalithibitisha. Mnamo 1876 wakaandikiana kwamba daktari atalipa pauni 500 papo hapo na zilizobaki kwa awamu, na kwamba Bi Beer hatachukua hatua yoyote ya kisheria. Daktari akalipa mpaka senti ya mwisho. Kisha Bi Beer akarudi kudai riba. Mwaka 1884 mabwana wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza walimpa ushindi. Hoja yao ilikuwa kwamba daktari alilipa kile alichokuwa tayari anadaiwa, kwa hiyo hakutoa kitu kipya cha badala, na ahadi ya kumsamehe riba ikawa maneno matupu. Kwa mantiki hiyo, landilodi aliyekubali nusu ya kodi anaweza kuamka kesho na kudai nusu nyingine yote, hata ya miaka mitano nyuma.

Hapo ndipo inapoingia kesi maarufu ya jengo la High Trees, mtaa wa Clapham, London. Kampuni ya Central London Property Trust ilikuwa imekodisha jengo zima la fleti kwa kampuni tanzu yake, High Trees House, kwa miaka 99 kuanzia Septemba 1937. Kodi ilikuwa pauni 2,500 kwa mwaka. Mpangaji huyu naye alitarajia kupangisha fleti moja moja na kupata faida. Vita vya Pili vya Dunia vikazuka, watu wakahama London, fleti zikabaki tupu. Mwezi wa Januari 1940 mwenye jengo akaandika barua kukubali kodi ishuke hadi pauni 1,250, yaani nusu kamili. Mpangaji hakutoa chochote cha badala. Aliendelea kulipa nusu hiyo, na kufikia mapema 1945 fleti zote zilikuwa zimejaa.

Kufikia wakati huo kampuni ya mwenye jengo ilikuwa chini ya mrasimu aliyewekwa na wadai wake. Mrasimu alipofungua mafaili aliona mkataba unasema 2,500 na vitabu vinasema 1,250. Septemba 1945 akaandika kudai kodi kamili pamoja na malimbikizo ya pauni 7,916. Ila mahakamani hakupeleka dai hilo kubwa. Alipeleka dai dogo la kupima maji: pauni 625, ambazo ni ile nusu iliyopungua katika robo mbili za mwisho za 1945, pauni 312 na nusu kwa kila robo.

Jaji alikuwa Alfred Thompson Denning, wakati huo akiwa na umri wa miaka 47 na bado mgeni kwenye kiti. Julai 1946 aliamua kwamba mrasimu apewe pauni 625 zake. Naam, landilodi alishinda! Wanafunzi wengi husahau jambo hili kwa sababu kesi inasifiwa kama ushindi wa wapangaji. Denning alisema punguzo lilitolewa kwa sababu ya hali ya vita, lilikusudiwa kudumu wakati fleti hazijajaa, na hali hiyo ilikwisha mapema 1945. Kwa hiyo kodi kamili ilirudi yenyewe.

Lakini hakuishia hapo. Akaongeza kwamba kama mrasimu angedai malimbikizo ya tangu 1940, angezuiwa, kwa sababu ahadi ilitolewa ili itegemewe, na mpangaji aliitegemea. Maneno hayo hayakuhitajika ili kuamua kesi iliyokuwa mbele yake. Ni maneno ya pembeni. Hata hivyo ndiyo yaliyobaki vitabuni, na hiyo barua ya dai la pauni 7,916 ikabaki barua tu.

Je, Denning aliyatoa wapi, ilhali Bi Beer alishinda mwaka 1884? Alichimba kesi ya 1877, ya Hughes na kampuni ya reli ya Metropolitan. Mwenye nyumba aliipa kampuni ilani ya miezi sita ifanye ukarabati. Kampuni ikapendekeza kumwuzia haki yake ya upangaji, na pande mbili zikazungumza hadi mwisho wa Desemba 1874. Mazungumzo yakavunjika. Miezi sita ya tangu ilani ilipopita, mwenye nyumba akataka kuwafukuza. Mahakama ikamkatalia, ikisema kwamba kwa kukubali kuzungumza aliwafanya wapangaji waamini saa imesimama, kwa hiyo muda unahesabiwa upya tangu mazungumzo yalipokwisha. Kesi hii haikutajwa kabisa na mabwana waliomwamulia Bi Beer miaka saba baadaye. Denning aliipangusa vumbi.

Sasa tuje kwenye ngao. Baada ya 1946 watu wakaanza kujiuliza: kama ahadi isiyo na kitu cha badala inaweza kumzuia mtu, mbona isimlazimishe kulipa? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1951 katika kesi ya mume na mke waliotalikiana, Combe na Combe. Mume aliahidi kumpa mke pauni 100 kila mwaka. Hakutoa hata moja. Mke, ambaye kipato chake kilimzidi mumewe, hakwenda mahakamani kuomba matunzo, akasubiri karibu miaka saba, kisha akamshtaki kwa pauni 675. Jaji wa kwanza alimpa kwa kutegemea maneno ya High Trees. Mahakama ya Rufani ikapindua, na aliyetoa hukumu ya kwanza kati ya majaji watatu ni Denning mwenyewe! Alisema kanuni yake haizai madai mapya pale ambapo hayakuwapo. Inamzuia tu mwenye haki kuisimamia haki hiyo kwa ukali pale ambapo si uungwana kufanya hivyo. Na kwa kuwa mume hakumwomba mke asiende mahakamani, kutokwenda kwake hakukuwa kitu cha badala.

Wakili wa mume ndiye aliyetumia mfano wa ngao na upanga. Jaji Birkett aliusikia, akaupenda, akauandika katika hukumu yake kama maelezo yanayoonekana wazi machoni. Kwa hiyo msemo unaokaririwa na wanasheria dunia nzima uliingia katika hukumu hiyo kutoka kinywani mwa wakili akijaribu kushinda kesi.

Turudi kwenye mtihani, tuuvalishe shilingi. Chukua mfano wa kubuni. Mpangaji wa duka hulipa Sh40,000 kwa mwezi. Mambo yanaharibika, na landilodi anamwandikia ujumbe: "Lipa Sh20,000 mpaka biashara ichangamke." Mpangaji analipa hivyo kwa miezi 12, na zile pesa zilizobaki anaziingiza katika duka badala ya kuhama. Kisha landilodi anadai Sh240,000 za nyuma. Hapa ngao inafanya kazi: mpangaji ameshtakiwa, anaiinua, dai linazuiwa. Anayejibu kwamba mpangaji lazima alipe zote kwa kuwa hakutoa kitu cha badala amesimama na Bi Beer na kusahau kilichofuata.

Je, mpangaji amepata kodi ya Sh20,000 milele? La. Biashara ikichangamka, au landilodi akitoa ilani ya muda wa kutosha, Sh40,000 zinarudi kwa miezi inayokuja. Sasa tuseme landilodi alikuwa ameongeza: "Na zile Sh120,000 ulizonilipa miezi mitatu kabla ya hapo, nitakurudishia nusu." Hakurudisha. Mpangaji akienda mahakamani kudai Sh60,000 hizo, amechomoa upanga, na atarudi mikono mitupu. Pesa ni zilezile, midomo ni ileile, ujumbe ni uleule mmoja. Tofauti ni nani amemshtaki nani, na kama ahadi inatumiwa kukinga au kudai. Ndiyo maana naona mfano wa wakili yule unafaa kuliko istilahi yoyote tutakayobuni.

Ngao pia haipewi mwenye mikono michafu. Mwaka 1965 mafundi wadogo wa ujenzi waliokuwa wakidai pauni 482 waliambiwa na mke wa mteja wachukue 300 au wakose kabisa. Walikuwa karibu kufilisika, wakachukua. Walipodai salio, Denning aliwaunga mkono: kukubali kwa kubanwa shingoni si kukubali. Mpangaji anayemtisha landilodi mwenye shida asitarajie huruma.

Hapa kwetu kuna mkunjo mmoja wa kihistoria ambao watunzi wa mitihani huupita. Sheria ya Mahakama ya 1967 inataja sheria ya mapokeo na kanuni za uungwana za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. High Trees ni ya 1946. Anayetaka kuleta ubishi anaweza kusema imechelewa karibu nusu karne. Lakini Hughes ni ya 1877, na ndiyo mzizi wenyewe. Kwa maoni yangu mpangaji wa Kenya anayetafuta ngao ana sababu nzuri ya kuanzia kwa reli ya Metropolitan kabla ya kufika Clapham.

Upanga nao haukukataliwa kila mahali. Mwaka 1988 mahakama kuu ya Australia iliamua kesi ya familia ya Maher, waliobomoa jengo lao na kuanza kujenga jipya kwa vipimo vya duka la Waltons, wakiamini mkataba wa upangaji umekamilika. Waltons walikuwa wamenyamaza na karatasi bila kutia sahihi, kisha wakajitoa. Hapo akina Maher ndio walioshtaki, tena wao ndio waliokuwa wenye jengo, na wakalipwa.