Uchambuzi wa muda wa kusimama kwa mitambo

'''Uchambuzi wa muda wa kusimama kwa mitambo''' ni njia ya kuchunguza saa ambazo laini ya uzalishaji kiwandani haikufanya kazi, kuzitenga zilizopangwa na zisizopangwa, kisha kupanga sababu zake kwa kufuata saa zilizopotea.

== Aina mbili za kusimama ==

Kusimama kwa kupangwa ni kule kunakojulikana kabla zamu haijaanza, kama vile usafi, chakula au kubadilisha ukubwa wa chupa. Kusimama kusikopangwa hutokea kwa ghafla: mashine imeharibika, umeme umekatika, malighafi imekwisha.

Mpaka kati ya aina hizi mbili huvukwa kwa urahisi. Usafi uliopangiwa saa 2 ukichukua saa 3, saa ya ziada ni ya upande usiopangwa. Wasimamizi wengine huandika ubovu kuwa "matengenezo" ili zamu yao ionekane safi. Dalili yake ni kwamba saa zilizopangwa huongezeka mwezi hadi mwezi, ilhali ubovu unaoandikwa hupungua na bidhaa haziongezeki.

== Mfano ==

Tuchukue laini ya kujaza maji ya chupa kisiwani Unguja, ya aina inayolisha maduka na mahoteli ya Mji Mkongwe na wauzaji wa Forodhani. Hesabu zifuatazo ni za kufundishia tu. Laini hufanya kazi siku 26 kwa mwezi, zamu 2 za saa 8, yaani saa 416. Usafi wa mabomba na matangi huchukua saa 26, chakula saa 26, kubadilisha ukubwa wa chupa saa 16, na sala ya Ijumaa saa 6. Jumla ya saa zilizopangwa ni 74, zinabaki 342 za kazi.

Daftari la zamu linaonyesha saa nyingine 50 zilizopotea bila kupangwa:

{| class="wikitable"
! Sababu !! Mara !! Saa
|-
| Umeme kukatika || 11 || 19
|-
| Mashine ya kufunga vifuniko kuharibika || 2 || 13
|-
| Lebo kukwama || 120 || 8
|-
| Chupa tupu kukosekana || 3 || 6
|-
| Nyinginezo || 9 || 4
|}

Laini ilifanya kazi saa 292 kati ya 342, sawa na asilimia 85. Kama saa zilizopangwa zisingetengwa, hesabu ingekuwa 292 kwa 416, asilimia 70, na fundi angelaumiwa hata kwa muda wa chakula.

Ukiwauliza wafanyakazi kinachowasumbua zaidi, watataja lebo, kwa kuwa hukwama mara 4 au 5 kila siku. Lakini kila mara ni dakika 4 tu. Mashine ya vifuniko iliharibika mara 2 pekee, na ndiyo iliyokula saa 13. Kati ya hizo, 11 zilikuwa za kusubiri kipuri kije kwa boti kutoka Dar es Salaam. Ufundi wenyewe ulichukua saa 2. Tiba yake basi ni kuweka kipuri hicho stoo. Fundi wa ziada asingesaidia.

Saa 19 za umeme nazo zinafaa kugawanywa. Umeme wenyewe haukuwepo kwa saa 14. Saa 5 zilizobaki zilipita baada ya kurudi, wakati wa kuosha mabomba na kurudisha msukumo wa maji. Kiwanda hakina amri juu ya zile 14 isipokuwa kwa kununua jenereta, bali hizi 5 zimo mikononi mwake.

== Kuhakiki daftari ==

Lebo ikikwama, mashine ya kujaza nayo husimama. Hilo ni tukio moja, na huandikwa kwa sababu iliyoanza. Vinginevyo saa zilezile huhesabiwa mara mbili.

Kipimo kingine ni idadi ya bidhaa. Ikiwa laini hujaza chupa 3,000 kwa saa, saa 292 zingetoa chupa 876,000. Stoo ikipokea 780,000, na zilizotupwa ni chache, zimekosekana chupa 96,000, sawa na saa 32. Huenda mashine ilikwenda polepole, au kulikuwa na visimamo vya dakika moja moja ambavyo hakuna aliyeviandika.

== Tukio moja kubwa ==

Upangaji wa saa huharibika pale tukio moja linapomeza mengine yote. Unguja ilikuwa ikitegemea waya wa chini ya bahari uliowekwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Umeme ulikosekana kwa takriban mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, na tena kwa miezi mitatu hivi, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Katika kipindi kama hicho jedwali huonyesha umeme peke yake, na ubovu wa mashine haujulikani kwa kuwa mashine hazikuzunguka. Kwa hiyo miezi hiyo huchambuliwa mbali, na sababu za kawaida hupangwa kwa kutumia miezi ya kabla na ya baada yake.

Mgao wa umeme wenye ratiba iliyotangazwa ni jambo tofauti: kiwanda kinaweza kuhamishia usafi katika saa hizo, na kwa saa za usafi huo kusimama kunahesabiwa kuwa kumepangwa. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013.