Mipango ya programu za kujifunzia lugha

Mipango ya programu za kujifunzia lugha ni masharti yanayoamua mtu atasoma kiasi gani kwa siku bila kulipa, kama anaweza kusoma bila mtandao, ataonyeshwa nini kuhusu maendeleo yake, na kama malipo ya mmoja yanaweza kuwafaa wenzake nyumbani. Makala hii inafuata hali moja, ya mwanafunzi wa Kijerumani mjini Machakos anayetumia Duolingo. Kijerumani kimezidi kuwa lugha ya kutafutia kazi baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na Machakos ina kampasi ya KMTC, chuo cha serikali kinachofundisha wauguzi na wahudumu wengine wa afya.

Duolingo ilianzishwa mwaka 2011 mjini Pittsburgh, Marekani, na Luis von Ahn wa Guatemala na Severin Hacker wa Uswisi, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2012. Masomo yalikuwa bure tangu mwanzo. Mpango wa kulipia ulikuja mwaka 2017 kwa jina la Plus, na mwaka 2022 ukaitwa Super. Anayelipa haoni matangazo na hawekewi kikomo cha masomo. Kikomo hicho ndicho kinachomgusa mtumiaji wa bure kila siku.

Kwa miaka mingi kikomo kilipimwa kwa mioyo. Mwanafunzi alipewa mioyo 5, kila kosa likaondoa mmoja, na ikiisha alisubiri au alirudia mazoezi ya zamani ili kuurudisha mmoja. Kuanzia mwaka 2025 watumiaji wengi wamehamishiwa kwenye nishati. Mtu huanza na vipimo 25 na kila zoezi hula kimoja, awe amepatia au amekosea, ingawa akijibu sawasawa mfululizo hurudishiwa kidogo. Somo moja likiwa na mazoezi kama 15, nishati iliyojaa haitoshi masomo mawili kamili kwa asiyepata nyongeza.

Tofauti ya mifumo hii miwili inaonekana vizuri kwenye Kijerumani. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea ngeli, kwa hiyo haoni ajabu nomino kugawanyika katika makundi. Lakini akisikia *kiti* na *mti*, mwanzo wa neno wenyewe humwelekeza. Kwa *der Tisch*, *die Lampe* na *das Fenster*, neno halimwonyeshi kundi lake, analazimika kulikariri pamoja na kitangulizi chake. Kisha meza ikitendwa jambo, *der* hugeuka *den*: *Ich sehe den Tisch*. Chini ya mioyo, mwanzaji anayebahatisha vitangulizi aliweza kumaliza mioyo yote 5 kabla somo halijafika nusu. Chini ya nishati, mwanzaji huyo hufika mwisho wa somo lake la kwanza, ila aliyekwisha kuzoea, ambaye zamani angesoma saa nzima bila kosa, sasa naye anasimamishwa. Njia nzuri ya kutumia kikomo cha nishati ni kukariri maneno kwenye daftari kwanza, kitangulizi na nomino pamoja, kisha kuingia kwenye programu kujipima.

Masomo ya bila mtandao yana maana ya pekee kwa anayesafiri. Mwanafunzi anayepanda matatu asubuhi kutoka Machakos kwenda Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, ana muda mzuri wa kusoma, lakini bando huisha na mtandao hukatika njiani. Programu inayoruhusu jambo hili huhifadhi masomo machache yanayofuata kwenye simu, maandishi pamoja na sauti, na sauti ndiyo inayochukua nafasi kubwa. Majibu hubaki kwenye simu mpaka mtandao urudi, ndipo yanapopelekwa kwenye akaunti.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kozi nzima haihifadhiwi, na mazoezi ya kuzungumza mara nyingi huhitaji mtandao. Simu iliyojaa picha na video inaweza kukosa nafasi ya masomo mapya, na mwenye simu akifuta data ya programu ili apate nafasi, masomo yaliyohifadhiwa hufutika nayo. Aliyesoma jioni bila mtandao, na simu isiunganishwe mpaka kesho yake, anaweza kukuta mfululizo wake wa siku umekatika ilhali alisoma. Kuna jaribio moja la uhakika: usiku wa kuamkia safari, ukiwa nyumbani, washa `Airplane mode`, fungua somo linalofuata na usikilize sentensi mbili au tatu. Likikataa kufunguka, au likafunguka bila sauti, halijahifadhiwa, na bado una nafasi ya kulishusha.

Ripoti za maendeleo huhesabu kilicho rahisi kuhesabika: siku zilizofuatana, dakika, masomo yaliyokamilika na pointi za XP. XP hupatikana pia kwa kurudia masomo mepesi, kwa hiyo mtu anaweza kupanda ligi wiki nzima bila kujifunza neno jipya. Kwa anayelenga Ujerumani, kipimo kinachohesabika ni ngazi za A1 hadi C2 za mfumo wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2001. Mtihani wa B1 wa Goethe-Institut una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja hutakiwa alama 60 kwa 100. Sehemu ya kuandika ina kazi tatu ndani ya dakika 60. Aliyezoea kupanga vipande vya maneno kwenye kioo cha simu huweza kuwa na ripoti nzuri sana na akashindwa kuandika barua pepe fupi ya kuomba radhi kwa kuchelewa. Ripoti isomwe kama daftari la mahudhurio. Atakaye kujua ngazi yake ajiandikie barua hiyo bila simu, ampe mwalimu aisahihishe.

Mpango wa familia wa Super una nafasi 6: mwenye kulipa na wengine 5 anaowaalika. Kila mmoja hutumia akaunti yake, na hilo si jambo dogo. Ndugu wawili wakitumia akaunti moja, programu hudhani ni mtu mmoja mwenye makosa ya wote wawili, ikamrudishia dada maneno aliyokosea kaka. Ripoti nayo haimweleweshi yeyote.

Hesabu ya nafasi hizo ni nyepesi. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba mpango wa mtu mmoja ni shilingi 7,000 kwa mwaka na wa familia ni 12,000. Watu wawili wakilipa kila mtu kivyake ni 14,000, kwa hiyo wa familia umeshakuwa nafuu. Watatu huchangia 4,000 kila mmoja, na sita huchangia 2,000. Lakini nafasi isiyotumiwa hulipiwa vilevile, na mchango hukusanywa vizuri zaidi kabla ya kulipa kuliko baada yake.

Kosa la kawaida hutokea kwa aliyekuwa na mpango wake mwenyewe kabla ya kualikwa. Kuingia kwenye familia hakusimamishi makato yake ya zamani. Lazima afungue Google Play, aingie `Payments & subscriptions` na kuyakatisha mwenyewe. Naye anayelipia familia kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa mwaka 2022, ahakikishe M-Pesa yake ina salio siku ya kuhuisha mpango, kwa kuwa kadi hiyo huchota humohumo. Malipo yakigoma na muda ukapita, wote 6 hurudi kwenye akaunti ya bure, kila mmoja akiwa na masomo aliyofikia na kikomo chake cha siku.